Mhusika wangu kapaniki, msomaji naye kapotea. Naombeni ushauri

Mkonge:
Wakuu, nina hadithi fupi. Mhusika kaamka usiku, nyumba imejaa moshi, mlango umefungwa. Nataka mawazo yake yasikike yakikatikakatika. Nimeandika hivi:

"Moshi... Mlango... Haufunguki... Ufunguo... Uko wapi... Unaingia... Mungu wangu... Umeanguka..."

Rafiki yangu kasoma, akauliza: kilichoanguka ni nini, mlango? Nikachoka. Nifanyeje bila kurefusha sentensi?

Tonge_la_Moto:
Toa hizo nukta tatutatu. Aliyepaniki anakimbia, wako anasinzia. Weka nukta moja, na sentensi isizidi maneno matatu. Basi.

BiMwanga:
Kwa nukta namuunga mkono Tonge. Kwa maneno matatu, hapana.

Kinachokuponza ni "u". Moshi unaingia, mlango haufunguki, ufunguo uko wapi: vitu vitatu, "u" ileile. Kiswahili kinakuruhusu sentensi ya neno moja kwa sababu kitenzi kimembeba mtenda ndani yake, lakini hapa msomaji anabaki kubahatisha. Ningeandika "funguo" nyingi ili zishike "zi", halafu moshi na mlango nivitaje kwa jina kila vinaporudi. Na mwache ang'ang'anie kitu kimoja, mwenye hofu hakagui chumba kizima:

"Moshi unapita chini ya mlango. Funguo. Ziko wapi? Mezani. Hazipo. Mfukoni? Hazimo. Nilizitoa mfukoni nikaziweka mezani simu ikalia nikazibeba nikaenda nazo jikoni, jikoni, ziko jikoni. Moshi unatoka jikoni."

Ile ndefu nimeiweka makusudi. Hofu nayo hukimbia bila kupumua, na vipande vilivyoizunguka vinasikika vifupi zaidi. Ila ukiirudia mara mbili tatu itazoeleka.

Pumzi4:
Pole sana ndugu. Hali hiyo ikinishika huwa nahesabu pumzi, navuta kwa nne, natoa kwa sita. Jaribu.

Mkonge:
Ahsante, ila ni mhusika, si mimi 😀

Pumzi4:
Haa, samahani, nimesoma mbiombio. Basi nikuambie kitu: ikinishika sijiambii "naogopa". Hilo neno huja baadaye, nimeshakaa chini. Wakati wenyewe najiamrisha tu. Simama. Shika ukuta. Shika.

Mkonge:
Hiyo naiiba. BiMwanga, hadithi yangu iko nafsi ya tatu, itakubali?

BiMwanga:
"Ziko wapi? Hazimo." haina mimi wala yeye, inapita popote. Shida iko kwenye "nilizitoa". Ukirukia "ni" ghafla, msomaji atadhani kaingia mtu mwingine chumbani. Ningebaki na "alizitoa".

Tonge_la_Moto:
Ungempoza! Mimi ningeruka na "ni", palepale, bila kumuaga msomaji.

BiMwanga:
Halafu rafiki yake aulize tena nani kaanguka.

Mkonge:
Naandika zote mbili, nampa tena asome. Nitarudi na majibu.