Tupeane uzoefu: ofa ya mkopo imekuja kwa picha ya simu, riba ya kweli uliijuaje?

Bint_Sefu
Wakuu salaam. Barua za ofa za mikopo sasa hivi zinatumwa kama picha: karatasi imekunjwa, kivuli cha simu kimeangukia jedwali la ada, kona moja haipo. Tupeane uzoefu wa jambo moja tu: unatokaje kwenye picha ya namna hiyo mpaka kwenye riba unayolipa kweli, makato yakiwemo?

Naanza. Shemeji yangu alinitumia ya kwake, ukingo wa kulia umekatika. Mstari wa riba unasomeka "1.5%", halafu basi. Kwa mwezi au kwa mwaka? Flati au salio linalopungua? Kilichoonekana vizuri ni mkopo 1,000,000, miezi 12, rejesho 98,333 kila mwezi. Chini kuna ada ya kushughulikia mkopo 3%, bima ya mkopo 1.5% na fomu 5,000, vyote "vinakatwa mwanzoni".

Nikaacha kukodolea macho maandishi, nikashika rejesho. Mara 12 inakuja karibu 1,180,000, kwa hiyo riba yote ni 180,000. Hiyo ni 1.5% ya milioni nzima, mara miezi 12. Basi ni kwa mwezi, na ni flati. Yeye alikuwa ameambiwa kwa mdomo "asilimia 18 tu kwa mwaka".

Kijana_wa_Mizani
Sasa hapo shida iko wapi? Riba 180,000, ada zote 50,000, jumla 230,000. Gawanya kwa milioni, asilimia 23. Msikuze mambo.

Mzee_wa_Leja
Kijana, kujumlisha umejumlisha sawa, ila umegawanya kama vile milioni hiyo anakaa nayo mwaka mzima. Hakai nayo. Kila mwezi anarudisha kipande, na ikifika katikati ya mwaka kama nusu ya deni imesharudi, lakini riba bado inahesabiwa kwa milioni ileile. Halafu milioni yenyewe hakuiona: mkononi zimeingia 950,000.

Bint Sefu kaanza pazuri. Nyongeza yangu ni kwamba 1.5% hiyohiyo kwa mwezi, ingekuwa ya salio linalopungua, rejesho lingekuwa 91,680. Kwa hiyo neno likikatwa na kamera, rejesho lenyewe linakwambia ni aina gani.

Riba ya kweli naitafuta kwa kubahatisha na kusahihisha, kwa kalamu. Naanza na fedha iliyopokelewa, 950,000, siyo na milioni. Nabahatisha 3.5% kwa mwezi. Mwezi wa kwanza riba ni 33,250, naongeza, natoa rejesho 98,333, linabaki 884,917. Mwezi wa pili riba 30,972, natoa rejesho, linabaki 817,556. Nashuka hivyo hadi mwezi wa 12. Deni likibaki mwishoni, nilibahatisha juu mno. Likiisha kabla na rejesho la mwisho likazidi, nilibahatisha chini. Kwa 3% rejesho la mwisho linazidi deni kwa kama 41,000, mbali sana. Kwa 3.5% linazidi kwa kama 340 tu. Basi jibu ni 3.5% na chembe kwa mwezi. Mara 12, asilimia 42.

Na hata bila ada yoyote, flati ile ya 18 ni kama 31.7 kwa mwaka. Ada zinazoonekana ndogo zimeongeza zaidi ya pointi kumi, kwa sababu zimekatwa siku ya kwanza na mkopo ni mfupi.

Nuru_ya_Jedwali
Shikamoo Mzee. Kwa wavivu wa kalamu kama mimi, Excel inafanya mstari mmoja:

```
=RATE(12,-98333,950000)*12
```

Rejesho liwe na alama ya kutoa, la sivyo inaleta kosa.

Mzee_wa_Leja
Marahaba. Sawa kabisa, ila wafanye kwa mkono walau mara moja, waone deni linavyoshuka.

Mama_Wawili
Jamani mimi picha ya kitambulisho changu ilikataliwa, eti ina ukungu, na mkopo nikanyimwa. Nirudie kupiga au niende na nakala?

Bint_Sefu
Pole dada. Nenda na karatasi yenyewe ukumbini kwao. Ila hapa tunaongelea riba, yako fungulia uzi wake utapata wa kukusaidia.

Karani_Mstaafu
Nimeshika barua hizi miaka mingi, naongeza upande wa picha. Kinachodanganya ni 3 na 8, halafu nukta ya desimali inayopotea kwenye mkunjo. Na hapa rejesho halikuokoi! Rejesho linathibitisha riba, lakini ada zinazokatwa mwanzoni hazimo ndani yake. Ile ada ya 3% ingekuwa kweli ni 8%, rejesho lingebaki 98,333 vilevile, ila mkononi zingeingia 900,000, na riba ya kweli ingepanda toka 42 hadi kama 53 kwa mwaka. Kwa hiyo ada naihakiki kwa namba moja tu, kiasi halisi kitakachoingia kwenye akaunti. Isipoandikwa, waulize wakujibu kwa maandishi. Na uliza kama kuna ukurasa wa pili, maana jedwali la ada hupenda kukaa huko, na mpiga picha huishia sahihi ilipo.

Upepo_wa_Kusi
Yangu ilikuwa na mstari mdogo wa "akiba ya dhamana 10%", warudishe mwisho wa mkopo. Nikaambiwa si gharama kwa kuwa ni hela yangu. Inaingia kwenye hesabu au haiingii?

Nuru_ya_Jedwali
Inaingia, maana unalipia riba ya hela ambayo hukuigusa. Kwa mfano wa shemeji, toa 100,000 mwanzoni, irudishe mwezi wa 12:

```
=RATE(12,-98333,850000,100000)*12
```

Inakuja kama 50.7%. Hiyo ni kama akiba haizai kitu. Ikizaa, weka kiasi kitakachorudi badala ya 100,000.

Kijana_wa_Mizani
Haya, nimeelewa la fedha kutokaa mwaka mzima. Lakini kikokotoo kimoja mtandaoni kimenipa 51 kwa mkopo huohuo wa shemeji, bila hiyo akiba. Nani mwongo?

Mzee_wa_Leja
Hakuna mwongo. Ukizidisha 3.5 mara 12 unapata 42. Ukiiacha riba ya kila mwezi izae juu ya mwenzake mwaka mzima, unapata 51. Marekani, chini ya sheria yao ya 1968 ya kuweka wazi gharama za mikopo, hutangazwa ile ya kuzidisha. Umoja wa Ulaya hutangaza ile ya kuzaliana. Ukilinganisha ofa mbili, hakikisha zote zimepimwa kwa njia moja.

Karani_Mstaafu
Mimi na Mzee tunatofautiana kwenye bima. Kama mtu angeikata mwenyewe hata bila mkopo, naona si haki kuiita riba.

Mzee_wa_Leja
Kama bila bima hupewi mkopo, hiyo ni bei ya mkopo. Ulaya nao bima ya lazima wanaihesabu.

Karani_Mstaafu
Na ikiwa inamlinda mjane asidaiwe?

Upepo_wa_Kusi
Kabla hamjamaliza hilo la bima, yangu nataka kuifunga mwezi wa 5. Ada walizokata mwanzoni wanarudisha sehemu?

Bint_Sefu
Weka picha ya ukurasa wenye masharti ya kulipa mapema, ficha jina na namba ya akaunti. Ukurasa wote, na kona zake nne.