Naomba ushauri: rasimu ya kurejesha mabirika ya umeme inajitetea mno

Mleta uzi: Wakuu, kampuni ninayoiandikia inayaondoa sokoni mabirika yake kwa sababu mpini huachia birika likiwa limejaa maji yanayochemka, na wateja wawili wameshaungua. Rasimu niliyopewa inasema: «Kampuni yetu, inayozingatia ubora daima, imeamua kwa hiari na kwa tahadhari tu kurejesha mabirika machache ambayo, yasipotumiwa ipasavyo, huenda yakaleta usumbufu.» Tena wanataka tusubiri uchunguzi wa kiwandani uishe. Nianzie wapi?

Mzalendo77: Igeni Johnson & Johnson mwaka 1982, walipoondoa sokoni chupa zipatazo milioni 31 za Tylenol, dawa yao ya maumivu, baada ya baadhi kutiwa sumu. Kirini kosa lote, mmalize.

Kalamu Nyekundu: Kwa upande wa kasi, sawa, lakini kule sumu ilitiwa na mtu wa nje, ilhali mpini huu ni wenu wenyewe. Ndugu mleta uzi, anza kwa kufuta «kwa tahadhari tu», kwa kuwa tahadhari hutangulia madhara na hapa watu wameshaungua. «Yasipotumiwa ipasavyo» inamtupia lawama majeruhi, na «usumbufu» si jina la kuungua. Mimi ningeandika hivi:

«Acha kutumia birika letu la lita 1.7 ambalo namba yake ya toleo, iliyochapwa chini ya kitako, inaanza na K4. Mpini unaweza kuachia na kumwaga maji ya moto. Watu wawili wameungua, nasi tunawaomba radhi. Lirudishe dukani urejeshewe fedha zote, hata kama huna risiti. Chanzo bado tunakichunguza. Tutatoa taarifa nyingine Ijumaa.»

Sentensi ya mwisho ndiyo inayowawezesha kuitoa leo, kwa sababu hatari mnaijua tayari, na kinachosubiri kiwanda ni chanzo chake tu. Ila Ijumaa ikifika mseme neno, hata kama hakuna jipya.

Mama Tatu: Pasi yangu nayo iliwahi kurejeshwa, nikaambiwa niangalie namba, nikakuta namba tatu nisijue ipi ndiyo. Na duka nililonunua lilikuwa limeshafungwa. Fedha zangu nizifuate wapi?

Kalamu Nyekundu: Dada, pasi yako ni ya kampuni nyingine, lakini umegusa penye upungufu: taarifa iwe na picha ya kitako, namba husika ikizungushiwa duara, pamoja na simu ya kampuni kwa ambaye duka lake halipo tena.

Wakili Mtarajiwa: Radhi hiyo itageuzwa ushahidi mahakamani.

Kalamu Nyekundu: Hilo hutegemea sheria za nchi, hivyo mwanasheria aisome, ila apewe saa, si siku. Angalia kwamba radhi inahusu walioungua, haitaji kilicholegeza mpini.

Mleta uzi: Ahsanteni. Wamekubali yote, picha ikiwemo, isipokuwa wanang'ang'ania «kwa hiari» ibaki.

Mzalendo77: Ibaki, kwani si kweli?

Kalamu Nyekundu: Ni kweli, lakini haimsaidii mwenye birika jikoni. Wakikataa kabisa kuifuta, isukume aya ya mwisho.