Agizo likifutwa kwenye chanzo: tupige marufuku DELETE au tulinganishe funguo kila usiku?

Rehema: Kila usiku saa nane tunachukua kutoka PostgreSQL mistari ambayo `updated_at` yake imepita alama ya jana, tunaiingiza kwenye databesi ya ripoti. Jedwali la maagizo lina mistari milioni 60. Agizo likifutwa kule, kwetu linabaki, na jumla ya mauzo inazidi. Nusu ya timu inataka programu isitumie `DELETE` kabisa, iweke `deleted_at` tu. Nusu nyingine inataka tulinganishe funguo zote kila usiku. Mnaonaje?

Otieno: Niko upande wa kupiga marufuku. Mstari uliofutwa hauna `updated_at`, haupo tu, kwa hiyo hakuna swali la alama litakaloukamata. Ukiweka `deleted_at` na kusogeza `updated_at` kwa pamoja, ufutaji unageuka badiliko la kawaida na mzigo wa usiku unaubeba wenyewe. Sioni haja ya kulinganisha mistari milioni 60 kila siku.

Mwanaidi: Kaka Otieno, sehemu ya kwanza nakubali. Lakini marufuku ya kwenye kikao haizuii kitu. Lazima uiondoe ruhusa yenyewe kwa `REVOKE DELETE` kwa mtumiaji wa programu, na hata hapo msimamizi wa databesi bado anaweza kufuta kwa mkono.

Halafu kuna watoto wa agizo. Leo `DELETE` kwenye agizo inafuta vipengele vyake kwa `ON DELETE CASCADE`. Ukihamia `deleted_at`, agizo linapata muhuri lakini vipengele vyake haviguswi, na `updated_at` yao haisogei. Ripoti ya mauzo kwa bidhaa inayosoma jedwali la vipengele peke yake itaendelea kuhesabu bidhaa za agizo lililofutwa. Utakuwa umerekebisha jumla moja na kuharibu nyingine, na dalili yake ni hiyo hiyo: ripoti mbili za siku moja hazikubaliani. Basi ama programu iweke muhuri kwa watoto ndani ya muamala uleule, ama kila ripoti ya vipengele iungane na maagizo.

Bakari: Sisi hatuna tatizo hili. Kila usiku tunapakia jedwali zima upya kwenye jedwali la pembeni, kisha tunabadilisha majina mawili ndani ya muamala mmoja. Kilichofutwa hakipo. Rehema, jaribu hivyo, achana na alama.

Rehema: Ndugu Bakari, jedwali lenu lina mistari mingapi?

Bakari: Laki mbili hivi.

Mwanaidi: Kwa laki mbili ni njia bora, na hata Rehema anapaswa kuitumia kwa majedwali madogo kama ya bidhaa na matawi. Kwa milioni 60 utaisoma seva ya chanzo yote kila usiku ili kupata mabadiliko ya sehemu ndogo sana.

Kombo: Kabla ya kufika kwenye ufutaji, dada Rehema, tuambie alama yako unaihifadhi vipi. Ukitumia `>` dhidi ya `updated_at` kubwa kabisa uliyoisoma jana, kuna mistari unayoipoteza bila mtu kufuta chochote, na mtaisingizia `DELETE` bure.

Kwenye PostgreSQL `now()` hutoa saa ambayo muamala ulianza, si saa ulipokamilika. Chukua agizo 88231. Muamala unafunguliwa 01:56:10, unaandika `updated_at` ya 01:56:10, kisha unasubiri kufuli na kukamilika 02:00:40. Mzigo wako unasoma 02:00:00. Agizo hilo halionekani bado, na mstari mpya kuliko yote uliosomwa una 01:59:58. Unahifadhi 01:59:58. Kesho usiku unauliza vilivyo baada ya 01:59:58, na 88231 ina 01:56:10. Haitakuja tena mpaka mtu aiguse.

Dawa ni kurudi nyuma. Soma kuanzia alama ukitoa saa moja, au muda wowote unaozidi kwa mbali muamala mrefu zaidi unaoruhusiwa kwenye chanzo. Mistari mingi utaisoma mara mbili, kwa hiyo uingizaji lazima uvumilie marudio:

```sql
INSERT INTO ripoti.maagizo AS r (id, kiasi, hali, updated_at)
SELECT id, kiasi, hali, updated_at FROM pokezi.maagizo
ON CONFLICT (id) DO UPDATE
SET kiasi = EXCLUDED.kiasi, hali = EXCLUDED.hali,
    updated_at = EXCLUDED.updated_at, futwa_saa = NULL
WHERE r.updated_at <= EXCLUDED.updated_at;
```

Alama mpya iandikwe ndani ya muamala huohuo. Ukiiandika kabla na mzigo ukakatika, umeruka usiku mzima. Na itoke kwenye data yenyewe, si kwenye saa ya seva ya ripoti, maana saa mbili zikipishana dakika tatu hizo dakika tatu zinapotea.

Otieno: Kwa nini usitumie `clock_timestamp()` kwenye triga? Hiyo inatoa saa halisi ya wakati ule.

Kombo: Inapunguza pengo, hailizibi. Mstari unapata saa pale unapoandikwa, lakini wengine wanauona muamala unapokamilika. Katikati ya hizo nyakati mbili mzigo wako unaweza kupita. Muda wa kurudi nyuma unabaki wa lazima.

Rehema: Tulikuwa tunatumia `>` kavu. Nimeelewa. Sasa tukirudi kwenye funguo: nalinganishaje bila kuua seva ya chanzo?

Kombo: Funguo peke yake si nyingi hivyo. Milioni 60 za `bigint` ni megabaiti 480 za namba tupu, na faharasa ya ufunguo mkuu inaweza kuzitoa bila kusoma jedwali, mradi `VACUUM` inafanya kazi yake. Zikishafika upande wako:

```sql
UPDATE ripoti.maagizo r SET futwa_saa = now()
WHERE r.futwa_saa IS NULL
  AND NOT EXISTS (SELECT 1 FROM pokezi.funguo f WHERE f.id = r.id);
```

Hatari iko kwenye mpangilio. Tuseme unachukua funguo 02:00, kisha mistari iliyobadilika 02:10. Agizo 90417 linazaliwa 02:06. Limo kwenye mistari, halimo kwenye funguo, na swali la hapo juu linaliwekea muhuri wa kufutwa siku ya kuzaliwa kwake. Geuza: mistari kwanza, funguo baadaye. Hapo agizo lililofutwa katikati linawekewa muhuri kwa haki, na agizo jipya lililozaliwa katikati linasubiri kesho. Au soma vyote viwili ndani ya muamala mmoja wa `REPEATABLE READ`, uone picha moja ya databesi.

Ndiyo maana kwenye uingizaji nimeweka `futwa_saa = NULL`. Mstari uliouawa kimakosa ukirudi ndani ya ule muda wa saa moja, unafufuka.

Mwanaidi: Ongeza na kizuizi. Usafirishaji wa funguo ukikatika katikati bila kutoa kosa, utapokea milioni 40 na kuzifuta 20 zilizo hai. Hesabu kwanza ni mistari mingapi inakwenda kuwekewa muhuri. Ikizidi kiwango, mzigo usimame na mtu aitwe. Mimi naweka nusu asilimia.

Otieno: Nusu asilimia ya milioni 60 ni laki tatu. Makosa ya mistari elfu kumi yatapita chini yake kila siku. Na siku ambayo kuna usafi halali wa data, ripoti ya asubuhi haitoki.

Mwanaidi: Ndiyo, kiwango hicho kinakamata usafirishaji uliokatika, si kosa dogo. Kwa makosa madogo nahesabu kwa mafungu: idadi na jumla ya `id` kwa kila fungu la laki moja, pande zote mbili. Fungu lililotofautiana ndilo ninalochukua funguo zake. Hiyo pia inaokoa mtandao, maana mafungu ya zamani kwa kawaida hayabadiliki.

Neema: Samahani kuingilia. Mnaongea kana kwamba kufuta ni kitu kimoja. Chanzo chetu kinaondoa maagizo yaliyozidi miaka miwili kwa kuiondoa sehemu nzima ya jedwali kwa `DROP TABLE`. Sisi tulitaka maagizo hayo yabaki kwenye ripoti. Ulinganisho wa funguo utayaua yote.

Kombo: Hilo ndilo swali nililotaka Rehema aulizwe kwanza. Kuna kufuta kwa maana ya “agizo hili halikupaswa kuwepo”, na kuna kufuta kwa maana ya “chanzo hakina nafasi tena”. Kwa ulinganisho wa funguo vyote viwili ni ufunguo usiopo. Njia ni kuwekea ulinganisho mpaka: linganisha tu maagizo ambayo tarehe ya kuundwa iko ndani ya kipindi ambacho chanzo bado kinakitunza, na uache siku kadhaa za tahadhari pembeni ya mpaka. Tumia tarehe ya kuundwa, ambayo haibadiliki, si `updated_at`.

Otieno: Basi someni logi ya mabadiliko moja kwa moja. Kila `DELETE` imo. Alama, muda wa kurudi nyuma, funguo, vyote vinakwisha.

Kombo: Ufutaji utauona, kweli, na hata ile mistari ya muamala mrefu, kwa sababu logi inafuata mpangilio wa kukamilika. Lakini sloti ya ureplikaji inazuia chanzo kutupa WAL mpaka msomaji athibitishe. Msomaji wako akilala Ijumaa jioni, diski ya chanzo inajaa, na hapo si ripoti inayosimama bali programu yenyewe. Tangu PostgreSQL 13 kuna `max_slot_wal_keep_size` ya kuweka kikomo, ila kikomo kikipitwa sloti inabatilishwa na unaanza upya kwa kupakia jedwali zima. Pia jedwali lisilo na ufunguo mkuu wala `REPLICA IDENTITY` nyingine, ukilichapisha pamoja na ufutaji, `DELETE` zake zitakataliwa kwenye chanzo.

Neema: Na je, triga inayoandika kila `id` iliyofutwa kwenye jedwali la pembeni? Ingetenganisha usafi na masahihisho.

Mwanaidi: Inatenganisha vizuri: `DROP TABLE` ya sehemu haiiamshi, na `TRUNCATE` haiamshi triga za `DELETE` za mstari mmoja mmoja. Kufuta kwa `CASCADE` kunaiamsha kwa watoto pia, mradi nao umewawekea. Gharama yake ni kuandika mara mbili kwenye kila ufutaji. Na hilo jedwali la pembeni nalo ulisome kwa muda wa kurudi nyuma uleule.

Rehema: Timu ya programu haijakubali triga kwenye seva yao, na kuna maombi ya wateja wanaotaka data zao ziondolewe kabisa, kwa hiyo `deleted_at` peke yake haitoshi. Tutaanza na mafungu ya laki moja, mpaka wa tarehe ya kuundwa, na muda wa saa moja.

Otieno: Kwa maombi ya wateja muhuri wa `futwa_saa` nao hautoshi. Mstari bado uko kwenye ripoti ukiwa na jina la mtu. Hao inabidi uwaondoe kweli, au ufute jina na simu ubakize kiasi.

Kombo: Na kwenye jedwali la pokezi, na kwenye bekapu za databesi ya ripoti. Bekapu ikirejeshwa, waliofutwa wanarudi, kwa hiyo tunza orodha ya namba zao nje ya databesi hiyo na uipitishe tena baada ya kila urejeshaji.

Bakari: Orodha ya waliofutwa si nayo ni data yao?

Mwanaidi: Kama ni `id` tupu isiyofungamana na kitu kingine, timu nyingi huikubali. Ila mwanasheria wenu ndiye wa kuulizwa, na nimewasikia wakijibu tofauti.