Modeli A ina SMM_BWP, modeli B ina PR0: ipi inalinda flashi kweli?

mlinzi_wa_chuma
Wakuu habari za jioni. Ofisini tunataka kununua laptopu za wafanyakazi, modeli mbili zimefika mezani kwangu zote za Intel, nami ndo nimepewa kazi ya kusema ipi ipite upande wa usalama. Nimepitisha chipsec kwenye zote mbili:

```
sudo python3 chipsec_main.py -m common.bios_wp
```

Haya ndo niliyoyatoa, eneo la BIOS kwa zote linaanza 00800000 hadi 00FFFFFF:

```
          A          B
BIOSWE    0          0
BLE       1          1
SMM_BWP   1          0
PR0       00000000   8FBF0840
FLOCKDN   1          1
```

A imepata PASSED, B imepata FAILED. Ila B ndo yenye PR na siku zote nimesikia PR ni kali kuliko vyote, sasa nashindwa kuelewa hiyo FAILED imetoka wapi. Mnaoelewa hebu nisaidieni kulinganisha.

kijiko_cha_biti
Mkuu mbona zote ziko salama, angalia BLE ni 1 kote. BLE ikiwa 1, mtu akijaribu kuweka BIOSWE iwe 1 inapigwa SMI hapohapo, BIOS inaamka inairudisha 0, mchezo umekwisha. Hizo nyingine ni nyongeza tu. Chukua yenye bei nafuu.

dada_rejista
@kijiko_cha_biti ndugu yangu umeeleza vizuri inavyofanya kazi, ila hapo kwenye "mchezo umekwisha" ndipo penye tatizo. BLE haizuii kuandika, inachofanya ni kuita mlinzi aje afunge mlango ambao tayari umeshafunguka. Kati ya BIOSWE kuwa 1 na kori zote kuvutwa kuingia SMM kuna kamuda kadogo. Sasa kori moja ikawa inaandika 1 kwenye BIOSWE tena na tena bila kupumzika, huku kori ya pili inatuma amri ya kuandika kwenye flashi, siku moja amri inapita kabla mlinzi hajafika. Hii sio nadharia ya darasani. LoJax, ile ambayo ESET waliitangaza Septemba 2018, ilifanya hivyo hivyo: inatumia dereva ya RWEverything kusoma BIOS_CNTL, ikikuta hakuna kufuli inawasha BIOSWE na kuandika, ikikuta BLE ipo lakini SMM_BWP ni 0 inaingia kwenye mbio hizo. Kilichokuwa kinaizuia ni SMM_BWP, maana hapo kontrola ya SPI haikubali kuandika mpaka kori zote ziwe ndani ya SMM, hata kama BIOSWE inasoma 1.

Kwa hiyo B bila PR ingekuwa wazi kabisa, sehemu yoyote ambayo PR0 haijaifunika inalindwa na BLE peke yake. Na BLE yenyewe inategemea SMI iweze kupigwa, mtu akifanikiwa kuzima SMI hata hizo mbio hazihitaji tena. Naomba niisome hiyo PR0 vizuri nitarudi.

fundi_programa
Jamani mimi hizi kufuli sijawahi kuona zikinisumbua. Juzi mteja kaleta laptopu ina paswedi ya BIOS, nikafungua mfuniko nikabana klipu kwenye chipu, CH341A ikasoma 16MB, nikairekebisha nikaandika, dakika ishirini imeisha. Hakuna SMM wala nini.

mlinzi_wa_chuma
Kaka shukrani ila mimi siulizii paswedi, naulizia adui aliyepata admini kwenye Windows akiwa mbali, hana bisibisi. Ila umenikumbusha kuiandika kwenye ripoti kwamba kufuli zote hizi ziko upande wa chipseti, klipu ikikaa kwenye chipu yenyewe haziulizwi.

dada_rejista
Nimerudi. Mkuu isome PR0 yako nusu kwa nusu. Nusu ya chini 0840 ni ukurasa wa kwanza unaolindwa, kila ukurasa ni 4KB, kwa hiyo ulinzi unaanza 00840000. Nusu ya juu 8FBF, ile 8 ni biti 31 inayosema usiandike, ukiitoa inabaki 0FBF ambao ni ukurasa wa mwisho, yaani 00FBFFFF.

Sasa weka juu ya eneo lako la BIOS. Chini kabisa, 00800000 hadi 0083FFFF, kilobaiti 256 hazijalindwa, na hiyo naielewa, bila shaka ni NVRAM, BIOS inahitaji kuandika vigezo vyake kila siku na PR ikishafungwa na FLOCKDN haimjui mtu, hata SMM inakataliwa. Chipsec inadai PR zifunike eneo lote la BIOS, au SMM_BWP iwepo, B haina kimoja wala kingine ndo maana ya FAILED. Kama pengo lingekuwa hilo tu nisingelia sana.

Kinachonishtua ni juu. 00FC0000 hadi 00FFFFFF pia haijafunikwa, kilobaiti 256 nyingine, na huko ndiko prosesa inakoanzia kusoma ikiwashwa, baiti 16 za mwisho kabisa. Dampu flashi ucheki pale mwisho pana nini.

mlinzi_wa_chuma
Nimedampu, nikapiga

```
xxd -s -16 -l 16 b.bin
```

inaanza `90 90 e9`. Sio FF tupu. Aisee.

dada_rejista
Basi hiyo ni msimbo, e9 ni jampu. Sehemu ya kwanza kabisa ya kuwaka inalindwa na BLE peke yake. Boot Guard ikiwa imewashwa itakataa kuwaka na msimbo uliobadilishwa, lakini bado mtu anaweza kuiua laptopu yako kwa kuandika takataka tu.

usiku_wa_s3
Na ukishamaliza hapo ilaze uiamshe halafu usome tena. PR na FLOCKDN hupotea mashine ikitoka S3, BIOS inatakiwa iziweke upya, na wapo waliosahau. 2015 Pedro Vilaça alionyesha Mac kadhaa flashi ikibaki wazi baada ya kufunga na kufungua mfuniko tu. Cheki kwanza kama mashine ina S3 yenyewe:

```
cat /sys/power/mem_sleep
sudo rtcwake -m mem -s 30
```

Ukiona `[s2idle]` peke yake jaribio halikuhusu.

mlinzi_wa_chuma
A ina s2idle tu. B inaonyesha `s2idle [deep]`, nimeilaza mara tano, PR0 inarudi 8FBF0840 na FLOCKDN 1 kila mara. Kwa hiyo ishu ni lile pengo tu.

usiku_wa_s3
Mimi hapo ningechukua A. Pengo la B hulizibi mwenyewe, na PR nazo zinawekwa na BIOS, ikidanganywa isiziweke hazipo. Aprili 2022 ESET walitoa CVE-2021-3971, madereva ya kiwandani yalisahaulika kwenye laptopu za Lenovo, ukiweka kigezo fulani kwenye NVRAM kufuli za flashi zinazimwa mashine ikiwaka tena.

dada_rejista
Sikubaliani moja kwa moja. Na A inaamini kila mstari wa SMM, kosa moja kwenye hendla moja ya SMI na mtu anaandika flashi yote toka mwanzo hadi mwisho, hakuna wa kumzuia nyuma yake. B ikirekebishwa PR0 iwe 8FFF0840 na SMM_BWP iwe 1, SMM ikivunjwa anapata NVRAM tu. Gharama yake ni kwamba apdeti lazima ifanyike wakati wa kuwaka kabla ya kufunga, hilo naweza kuishi nalo. Ila kwa hali zilivyo leo, bila apdeti, ndiyo, A.

kijiko_cha_biti
Nimesoma laptopu yangu ya nyumbani, BLE 1, SMM_BWP 0, PR zote sifuri 😳

mlinzi_wa_chuma
Nimewaandikia wauzaji wa B na hizo namba mbili, 8FBF0840 na inayotakiwa 8FFF0840, nikauliza kama pengo la juu liliachwa makusudi. Wiki mbili nimewapa, wakikaa kimya napitisha A.

fundi_programa
Wakijibu utuwekee hapa kaka, mimi ninayo B moja mezani ya mteja na PR0 yake inasoma hivyo hivyo.