Yaani anisukumie kalkuleta isiyowaka halafu aniambie "piga mwenyewe basi"!!

Wakuu nimetoka pale sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Mnawajua, wale wa bima wa ghorofani wenye tangazo la familia inayocheka kila kona ya mji. Sasa najua kinachowachekesha, ni sisi.

Mume wangu alifanyiwa opereshini ya kidole tumbo, hospitali haipo kwenye orodha yao nikalipa kwanza mfukoni, bili 4,800,000, nikapeleka risiti zote mpaka ya bomba la sindano. Kwenye skejuli ya bima limiti ya opereshini ni milioni 3 kwa tukio, ekses ya kubeba mwenyewe kwanza 200,000, na mimi nachangia asilimia 10. Nikajua milioni 3 yangu ipo maana bili imepita mbali. Wamelipa 2,520,000!

Nauliza kwa upole kabisa (sawa, nilipaza sauti kidogo) yule kijana wa kaunta ananisukumia kalkuleta, "piga mwenyewe basi mama." Nabonyeza, haiwaki! Ya jua, na ofisi yao giza kama handaki. Foleni nzima inaniangalia nabonyeza kitu kilichokufa. Mimi nimeuza duka miaka 11 naambiwa nipige hesabu kwa kalkuleta maiti!!

Mzee wa Kitonga: Mama pole ila nimecheka. Uliinua juu kutafuta mwanga?

Mleta uzi: NILIINUA. Ndipo foleni ikacheka.

Bwashee77: Limiti inakatwa mwisho siku zote, hiyo ni sheria nchi nzima, wamekuibia, nenda TIRA kesho asubuhi.

Chumvi Nyingi: Na mlilala chumba gani? Watu mnachukua chumba cha TV na friji halafu mnalilia bima.

Mleta uzi: Cha peke yake, 155,000 kwa usiku, siku 4. Bima inalipa 80,000. Ndiyo uniulize hivyo mbele za watu?

fundi_klemu: Nimekaa dawati la klemu miaka kadhaa, naomba niseme. Dada, chumba hakijapunguza malipo yako hata senti. Ziada ni 75,000 mara 4, yaani 300,000, inabaki 4,500,000 inayotambulika. Toa ekses inabaki 4,300,000, toa asilimia 10 inabaki 3,870,000, bado imezidi limiti, kwa hiyo ungepewa milioni 3 kamili. Wao wameanza na limiti. Wameishusha bili mpaka milioni 3 kwanza, wakatoa ekses ikawa 2,800,000, wakatoa 280,000 ya mchango wako, ndiyo hiyo 2,520,000. Unaijua kwa dalili hii, pengo lako la 480,000 ni ekses na mchango vikijumlishwa, hakuna kingine. Wangeweka limiti mwisho, vitu hivyo viwili vingemezwa na sehemu ya bili ambayo tayari unaibeba mwenyewe.

Ila Bwashee, hakuna sheria ya "siku zote". Inategemea maneno ya mkataba. Ukiandikwa kwamba milioni 3 ndiyo kiasi cha juu ambacho kampuni italipa, dada ana haki. Ukiandikwa kwamba gharama zitatambuliwa hadi milioni 3 kisha makato yafuate, kijana wa kaunta yuko sawa.

Bwashee77: Ndiyo nilichosema.

fundi_klemu: Hapana, hukusema hivyo.

Mleta uzi: Skejuli imeandikwa tu "hadi 3,000,000 kwa tukio". Basi! Sasa hadi ya nani, ya bili au ya malipo?

fundi_klemu: Hapo ndipo penye kesi. Skejuli ni ukurasa wa namba tu, tafuta kile kitabu cha masharti, sehemu ya jinsi malipo yanavyokokotolewa. Kama na chenyewe hakisemi, utata husomwa dhidi ya aliyeuandika, si dhidi yako. Omba karatasi ya mchanganuo kwa maandishi, wakikaza kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima.

Mleta uzi: Kitabu sikupewa. Au nilipewa watoto wakachora. Lakini kwa nini asingeniambia hivi pale? Anipe maiti ya kalkuleta!

Kijiti cha Boda: Mimi bampa ilipasuka, fundi kasema 350,000, bima ekses 300,000, nikazunguka wiki 3 kwa elfu hamsini. Nauli yenyewe imekula 40.

Chumvi Nyingi: Uligongwa au ulijigonga? Kama umegongwa, bima ya aliyekugonga ndiyo ilipe.

Kijiti cha Boda: Niligongwa na ng'ombe.

Mzee wa Kitonga: Ng'ombe alikuwa na stika?

Bwashee77: Mwenye ng'ombe analipa, hiyo ni sheria nchi nzima.