Naomba ushauri: anwani zisipofanana, nishikilie mzigo au niutume?

Wadau naombeni msaada. Duka langu la mtandaoni nimeliwekea sheria za kuipa kila oda pointi za hatari, anwani ya kadi isipofanana na ya kupelekea mzigo ni 30, mteja mpya 10, usafiri wa haraka 10, kadi kukataliwa mara kadhaa kabla ya kupita 40, zikifika 50 mzigo unasubiri niukague mwenyewe.

Shida ni zawadi. Juzi mteja mpya kamnunulia dada yake saa, kachagua usafiri wa haraka, tayari 50. Nikaishikilia siku mbili na bethidei ikapita, kumbe kadi ilipita mara ya kwanza bila shida yoyote. Iliniuma kweli.

Wiki hiyo hiyo oda nyingine anwani zilifanana kabisa, ikapata 40 tu ikatoka, halafu mwenye kadi akapinga malipo. Kucheki logi nakuta kadi nne zilijaribiwa ndani ya dakika sita, na mzigo ukiwa njiani jamaa alimwomba msafirishaji abadilishe pa kupokelea. Yaani anwani ya mwenye kadi alikuwa nayo, kwa hiyo kufanana hakukunilinda chochote.

Nafikiria anwani nishushe hadi 15, kadi nyingi kwa muda mfupi zishikilie mzigo zenyewe bila kujali jumla, na kubadilisha anwani baada ya kutuma nikuzuie kabisa. Mnaonaje? Na nikishikilia nithibitishe vipi, maana namba ya simu iliyo kwenye oda si kaiweka huyo huyo aliyeagiza?