Naomba ushauri: ukuta unatoboka kwenye mpaka wa vipande nikibomoa tofali

Kijana_wa_Mkoani

Assalaam alaykum. Ninajenga mtaa wa Mji Mkongwe kwa matofali ya mchemraba, pamoja na vichochoro na baraza zake, kwa lugha ya C++. Dunia nimeigawa katika vipande vya matofali 16 kwa 16 kwa 16, na kila kipande kina meshi yake. Uso wa tofali uliogusana na tofali jingine gumu siuchori, kwa kuwa hapana atakayeuona. Faida yake ni kubwa: kipande kilichojaa chote kina nyuso 24,576, lakini zilizo nje ni 1,536 tu.

Tatizo ni kwamba nikibomoa tofali, mara nyengine ukuta wa nyuma yake hutoboka na mbingu ikaonekana. Nilipoamua kujenga upya meshi ya kipande husika pamoja na vyote 26 vinavyokizunguka, tundu liliondoka, lakini sasa kila nikibomoa picha inakwama. Kipande kimoja huchukua takriban milisekunde 2. Nifanye nini?

Bint_Forodhani

Wa alaykum salaam. Mimi pia niliwahi kuona matundu kama hayo, na sababu yake ilikuwa mpangilio wa ncha za pembetatu. Nilikuwa nimezipanga kinyume katika upande mmoja, kadi ya michoro ikaudhania ni mgongo na ikauacha. Hebu zima kwanza uondoaji wa migongo, uone kama tundu litabaki.

Kijana_wa_Mkoani

Ahsante dada. Nimezima na tundu bado lipo. Isitoshe, nikibomoa tofali la katikati ya kipande, kwa mfano x ikiwa 8, hakuna kasoro yoyote. Hutokea x ikiwa 0 au 15.

Fundi_Chake

Unganisha nyuso zinazofanana ziwe mstatili mmoja. Ukuta wa mawe wa 16 kwa 16 utakuwa na uso mmoja badala ya 256, na kukwama kutakwisha.

Maalim_Ng'ambo

Ndugu yangu Fundi, kuunganisha nyuso kunapunguza kazi ya kuchora, hilo ni kweli, lakini kunahitaji kupekua kila tabaka la kipande, kwa hiyo mara nyingi kazi ya kujenga meshi huongezeka. Mwenzetu hakwami katika kuchora, anakwama kwa sababu anajenga meshi 27 kwa pigo moja. Hizo ni milisekunde 54, ilhali mwenye kutaka fremu 60 kwa sekunde ana chini ya 17.

Kijana, jawabu umeshalitaja mwenyewe uliposema 0 na 15. Meshi ya kipande jirani ilipojengwa, uso wa tofali lake la mpakani uliachwa kwa sababu uligusana na tofali lako. Umelibomoa tofali lako, uso ule sasa unapaswa kuonekana, lakini umo katika meshi ambayo hukuigusa. Kwa hiyo mtie alama jirani yule tu aliyeguswa:

```cpp
int cx = x >> 4, lx = x & 15;
if (lx == 0)  tiaAlama(cx - 1, cy, cz);
if (lx == 15) tiaAlama(cx + 1, cy, cz);
```

Fanya hivyo hivyo kwa y na z, kipande chenyewe ukitie alama daima, kisha vyote ulivyovitia alama uvijenge mara moja mwisho wa fremu. Thuluthi mbili ya matofali, yaani 2,744 kati ya 4,096, hayagusi mpaka wowote, na hayo yatakugharimu meshi moja. Tofali la pembeni kabisa litakugharimu nne, ambazo ni milisekunde 8. Usigawanye kwa 16 kwa alama ya `/`, kwani -1 itakupa 0 badala ya -1, na matundu yatarejea kwenye kitovu cha dunia yako.

Fundi_Chake

Nimekubali kuhusu kujenga. Lakini si bora kazi hiyo ipelekwe kwenye uzi wa pembeni?

Maalim_Ng'ambo

Inafaa, ila meshi ya kipande na ya jirani yake zibadilishwe katika fremu moja. Moja ikitangulia, tundu litamweka kwa fremu moja, na jicho hulinasa.

Kijana_wa_Mkoani

Maalim, nimejaribu na sasa ukuta hautoboki wala picha haikwami. Limebaki jambo moja. Vichochoroni ninatia kivuli kwenye kona, na kivuli cha kila ncha hutegemea matofali yaliyo mshazari nayo. Nikibomoa tofali la pembeni, kivuli cha zamani hubaki katika kipande cha mshazari.

Maalim_Ng'ambo

Hapo majirani wa mshazari nao wanaingia, na tofali la pembeni litahitaji meshi nane, yaani milisekunde 16, jambo ambalo halikuachii nafasi ya kitu kingine. Mimi ningejenga kwanza zile nne za nyuso, na za kivuli ningezichelewesha fremu moja.

Bint_Forodhani

Mimi kivuli kilichochelewa nilikiona kikiruka, hasa kwenye kuta nyeupe za chokaa, nikarudi kuzijenga zote kwa pamoja. Kijana, jaribu njia zote mbili kwenye kichochoro chako chembamba kabisa, kisha utuwekee picha.